Siagi ya shea na siagi nyingine za mimea: maswali kuhusu utengenezaji wake na dalili za kuchacha

Maswali yafuatayo huulizwa mara nyingi na watengenezaji wadogo wa mafuta ya kupaka hapa Dodoma, pamoja na wateja wanaonunua kopo moja moja kwa matumizi ya nyumbani. Majibu yanahusu zaidi shea, kwa kuwa ndiyo inayonunuliwa kwa wingi na ndiyo inayoleta malalamiko mengi ya harufu.

Shea inatoka wapi, na je, ipo inayozalishwa Tanzania?

Mti wa shea humea katika ukanda wa savana ulio kusini mwa Sahara, kuanzia Senegali hadi Ethiopia, na kwa upande wa Afrika Mashariki unapatikana kaskazini mwa Uganda, kwa mfano katika wilaya ya Otuke. Shea inayouzwa Dodoma, kwa hiyo, ni bidhaa ya safari ndefu, na muuzaji anayesema kwamba imekamuliwa Singida au Kondoa anapaswa kuulizwa maswali zaidi.

Shea ya Afrika Magharibi na ile ya Uganda hazifanani. Ya Magharibi ina asidi ya steariki nyingi na huwa ngumu, wakati ya Uganda ina asidi ya oleiki nyingi zaidi, hivyo ni laini na huyeyuka mapema. Mwezi wa Novemba, ndani ya chumba kilichoezekwa kwa bati bila dari, shea ya Uganda inaweza kuwa uji mzito ilhali ya Ghana bado imeshikamana. Ulaini huo hauthibitishi kwamba imechakachuliwa, wala si dalili ya kuharibika.

Shea hutengenezwaje, na ni hatua gani inayoamua itadumu muda gani?

Wengi hudhani kwamba ubora wa shea huamuliwa siku ya kukamua. Kwa kweli sehemu kubwa huamuliwa mapema zaidi, chini ya mti, katika siku chache za kwanza baada ya tunda kuanguka.

Tunda lililoiva huanguka lenyewe na kuokotwa. Ndani yake mna kokwa, na ndani ya kokwa mna kiini chenye mafuta yanayokaribia nusu ya uzito wake kikiwa kikavu. Kokwa ni mbegu hai. Ikiachwa kwenye lundo lenye unyevu huanza kuota, na inapoota vimeng'enya vyake huanza kuyavunja mafuta ili kumlisha mche. Kwa mtengenezaji huo ni mwanzo wa uharibifu, kwa kuwa mafuta yaliyovunjwa hugeuka asidi huru, na asidi hizo haziondoki kwa kuosha wala kwa kuchuja. Ndiyo maana waokotaji wenye uzoefu huchemsha kokwa ndani ya siku chache ili kuua uwezo wa kuota na kuzima vimeng'enya, kisha huzianika juani hadi kiini kitikisike ndani ya ganda. Baadaye hupasua, huchagua na kutupa viini vyeusi au vyenye ukungu, na hukausha vilivyobaki hadi unyevu ushuke kufikia takribani asilimia 7, kiwango ambacho viini vinaweza kuhifadhiwa kwa miezi kadhaa.

Katika maeneo mengine kokwa hukaushwa juu ya moto badala ya jua. Njia hiyo ni ya haraka wakati wa mvua, lakini huingiza moshi ndani ya viini, na harufu ya moshi huandamana na siagi hadi kwenye kopo la mwisho.

Ukamuaji wa mkono huendelea hivi: viini huvunjwavunjwa, hukaangwa, na kusagwa hadi kuwa rojo zito la rangi ya kahawia. Rojo hilo hutiwa maji kidogo kidogo na kupigwa kwa mkono kwa muda mrefu, na anayelipiga hubadilisha maji ya vuguvugu na ya baridi kwa kufuata anachokihisi viganjani. Ghafla rojo hupauka, huwa jepesi, na mafuta hujitenga na kuelea juu kama povu jeupe la kijivu. Povu hilo hukusanywa, huoshwa mara kadhaa kwa maji safi, kisha huchemshwa. Inapofika hapo, kazi yote imebaki mikononi mwa mtu anayesimamia sufuria, kwa sababu kuchemsha kuna shabaha moja tu, nayo ni kutoa maji. Mwanzoni mafuta ni ya maziwamaziwa na yanatatarika; maji yanapokwisha, mafuta huwa angavu, mlio hunyamaza na mashapo ya kahawia hutulia chini. Anayeepua mapema ili kuokoa kuni huacha maji ndani, na anayechuja ovyo huacha mashapo. Kwa njia hii huhitajika takribani kilo tatu hadi nne za viini ili kupata kilo moja ya siagi.

Kuna tofauti gani kati ya shea isiyosafishwa na iliyosafishwa kiwandani?

Isiyosafishwa ni ile iliyochujwa tu baada ya kuchemshwa. Rangi yake ni ya pembe ya ndovu, wakati mwingine yenye kijani au kijivu kwa mbali, na ina harufu ya karanga zilizokaangwa pamoja na moshi kiasi. Iliyosafishwa huondolewa asidi huru, hupaushwa kwa udongo maalumu, kisha hupitishiwa mvuke wa moto mkali ndani ya ombwe ili harufu ipotee. Matokeo yake ni siagi nyeupe isiyonuka. Kusafisha kunapunguza baadhi ya vitu vya asili ambavyo si mafuta, zikiwemo vitamini E na aina za nta na utomvu ambazo ndizo zinazoitofautisha shea na mafuta mengine.

Kwa anayetengeneza losheni yenye manukato, iliyosafishwa ni rahisi kufanya nayo kazi. Ila ina hila yake: kwa kuwa harufu yote imeondolewa, siagi iliyotokana na viini vibovu haiwezi kutambulika kwa pua siku ya kununua.

Rangi ya njano iliyokolea haithibitishi lolote kuhusu ubora. Mara nyingi hutokana na mizizi inayotumika kama rangi huko Afrika Magharibi, au na mawese.

Kuchacha ni kitu gani hasa?

Ni njia mbili zinazoenda kwa pamoja, na inafaa kuzitenganisha kwa sababu kinga zake si moja.

Njia ya kwanza inahitaji maji. Maji, yakisaidiwa na vimeng'enya vya mbegu au vya ukungu, huvunja mafuta na kuachia asidi huru. Katika siagi ya maziwa asidi zinazoachiwa ni fupi na hunuka mara moja. Asidi za shea ni ndefu, na hazinuki sana. Hivyo shea inaweza kuwa imevunjika kwa kiasi kikubwa huku pua ikisema hakuna tatizo. Kinachonuka uchachu katika shea yenye maji kwa kawaida ni mabaki ya protini na sukari ya viini yaliyochachuka, au ukungu wenyewe. Ulimi huwahi kuliko pua: tone dogo la siagi yenye asidi nyingi huacha uchungu na mkwaruzo nyuma ya koo.

Njia ya pili inahitaji oksijeni. Hewa hushambulia sehemu zisizojaa za mafuta na kutengeneza peroksidi, ambazo nazo hazinuki. Baada ya muda peroksidi huvunjika na kutoa vitu vyepesi vinavyoruka hewani, na hivyo ndivyo pua inavyovinusa kama rangi ya mafuta ya mbao, karanga zilizomenywa zikakaa, au mafuta ya chipsi yaliyorudiwa mara nyingi. Joto, mwanga, na chembe za chuma au shaba huharakisha mambo, na asidi huru zilizotokana na njia ya kwanza pia huchochea njia hii ya pili.

Kwa njia zote mbili pua huchelewa. Siku unapoisikia harufu, uharibifu ni wa muda mrefu.

Shea yangu ina harufu ya moshi. Je, imechacha?

Hapana. Harufu ya moshi, ya karanga au ya udongo kidogo ni ya utengenezaji, na alama yake ni kwamba ipo tangu siku ya kwanza na haiongezeki. Harufu ya kuchacha huongezeka mwezi hadi mwezi, na huwa kali zaidi juu ya siagi na pembezoni mwa kopo kuliko katikati, kwa kuwa huko ndiko hewa inakoanzia. Kwa sababu hiyo usinuse tu uso wa kopo. Kata kwa kisu kikavu hadi katikati, uchukue kipande cha ndani na kipande cha juu, na uvinuse kimoja baada ya kingine. Vikilingana, unachonusa huenda ni tabia ya siagi hiyo. Cha juu kikiwa na ukali ambao cha ndani hakina, kuchacha kumeanza.

Imekuwa na chengachenga kama mchanga. Je, imeharibika?

Swali hili huja zaidi baada ya miezi ya joto, na jibu ni kwamba chengachenga hazihusiani na kuchacha. Shea ni mchanganyiko wa mafuta yanayoganda kwa joto tofauti. Ikiyeyuka mchana na kuganda polepole usiku, kama inavyotokea Dodoma ambapo mchana wa Novemba hukaribia nyuzi 31 kivulini na hupita hapo ndani ya duka la bati, sehemu zenye steariki hutangulia kuganda na kukusanyika kuwa punje. Punje hizo huyeyuka ngozini kwa joto la mwili.

Ukitaka kuziondoa, yeyusha siagi yote juu ya maji ya moto hadi isibaki hata punje moja, iache katika hali hiyo ya kuyeyuka kwa dakika kumi na tano au zaidi, kisha uipoze haraka ndani ya friji au kwenye beseni la maji baridi huku ukikoroga hadi ianze kuwa nzito. Kuyeyusha nusunusu hakusaidii, kwa sababu punje zilizosalia huwa mbegu za punje mpya. Chombo kiwe kikavu kabisa na mvuke usidondokee ndani, la sivyo utakuwa umetibu chengachenga na kuingiza maji.

Nitajuaje nyumbani kama siagi imechacha, bila maabara?

Njia inayotegemewa zaidi ni kulinganisha, kwa kuwa pua ya mtu huzoea harufu polepole na kuisahau ya awali. Siku unaponunua ndoo mpya, jaza kichupa kidogo cha kioo hadi kwenye mdomo, kifunge, andika tarehe na ukiweke kwenye friza. Hicho ndicho kipimo chako. Kila baada ya miezi miwili au mitatu chukua kijiko kimoja cha chai kutoka kichupa hicho na kijiko kimoja kutoka ndoo inayotumika, weka kila kimoja katika glasi safi, ufunike kwa kisahani, na uzisimamishe glasi katika maji ya moto ambayo mkono hauwezi kuyavumilia lakini hayachemki. Baada ya dakika kumi funua na unuse mara moja, hewa ya kwanza. Joto hulazimisha vitu vyepesi kupanda, na harufu ambayo ingehitaji mwezi mwingine kujitokeza hujidhihirisha hapo. Anayenusa asijue glasi ipi ni ipi. Mwombe mtu mwingine azipange.

Jambo hili lifanywe asubuhi, kabla ya kupika, na kabla ya kushika mafuta yenye manukato.

Angalia pia rangi na umbo. Madoa ya kijani au meusi ni ukungu, na siagi yenye ukungu haipaswi kutumiwa hata ukikwangua sehemu hiyo. Matone ya maji ndani ya mashimo ya siagi iliyokatwa ni onyo zito zaidi kuliko rangi yoyote.

Nimepokea ndoo ya kilo 5 yenye matone ya maji ndani. Nifanye nini?

Tuchukue mfano wa ndoo kama hiyo iliyofika katika karakana moja ya mjini Dodoma. Harufu yake ilikuwa ya kawaida, ya moshi na karanga, ila kisu kilipopita katikati kilitoka na umande. Muuzaji alisisitiza kwamba huo ni ubichi wa asili wa siagi isiyosafishwa, maelezo ambayo hayana ukweli, kwani siagi iliyopikwa hadi mwisho haina umande.

Kipimo cha kwanza kilikuwa cha maji. Gramu 200 ziliwekwa kwenye sufuria ndogo iliyokwisha kupimwa uzito, zikayeyushwa kwa moto mdogo huku kipimajoto kikiwa ndani. Mafuta yalitatarika mara tu yalipozidi joto la maji kuchemka, na mlio ulikoma yalipokuwa karibu nyuzi 110. Baada ya kupoa kidogo, sufuria ilirudishwa kwenye mizani na siagi ikaonekana kuwa gramu 196. Zilipotea gramu 4 kati ya 200, yaani asilimia 2. Kwa ndoo nzima ya kilo 5 hiyo ni gramu 100 za maji, karibu nusu glasi. Kiwango cha kikanda cha Kodeksi, tume ya kimataifa ya viwango vya vyakula, kwa shea isiyosafishwa ya Afrika, kilichopitishwa mwaka 2017, kinataka maji yasizidi asilimia 0.05 kwa daraja la kwanza. Kwa ndoo hiyo ingekuwa gramu 2.5 tu, kiasi kisichotosha kujaza kijiko cha chai.

Inabidi kuelewa mpaka wa kipimo hiki. Mizani ya jikoni inayosoma gramu moja moja haiwezi kuona chini ya nusu ya asilimia kwa sampuli ya gramu 200, hivyo inaweza kuitia siagi hatiani lakini haiwezi kuisafisha jina. Siagi isiyopoteza hata gramu moja bado inaweza kuwa na maji mara kadhaa ya kiwango.

Kipimo cha pili kilifanyika maabara, nacho ni cha asidi huru. Gramu 10 za siagi ziliyeyushwa katika alkoholi iliyokwisha kusawazishwa, zikatiwa matone ya fenolfthaleini, kisha myeyusho wa soda kostiki wenye nguvu ya 0.1 N ukadondoshwa polepole hadi rangi ya waridi ibaki bila kufifia. Zilitumika mililita 8.5. Hesabu yake ni hii, V ikiwa mililita zilizotumika, N nguvu ya soda, na 28.2 namba ya kudumu ya asidi ya oleiki:

```
asidi huru (%) = V × N × 28.2 / uzito
               = 8.5 × 0.1 × 28.2 / 10
               = 2.4
```

Hapo ndipo ilipoonekana kwamba pua ilikuwa imedanganywa. Daraja la kwanza halivumilii zaidi ya asilimia 1, na asilimia 2.4 inaiweka siagi hii, kwa upande wa asidi, daraja la pili, ambalo hufika asilimia 3. Isipokaushwa, maji hayo yangeendelea kuisukuma zaidi. Uamuzi uliochukuliwa ulikuwa kuipasha ndoo yote kwa awamu ndogo hadi itulie, kuichuja ikiwa ya moto kupitia kitambaa kikavu cha pamba kilichokunjwa mara nne, na kuipeleka kwenye sabuni ndani ya wiki chache badala ya kuiweka kwenye mafuta ya uso yanayokaa dukani mwaka mzima. Kukausha kulizuia asidi zaidi zisitokee. Asidi zilizokuwapo hazikupungua.

Maabara ikipima peroksidi na kupata namba ndogo, je, siagi ni salama?

Si lazima. Peroksidi hupanda kwanza, kisha hushuka zinapovunjika na kuwa vitu vyenye harufu. Siagi iliyochacha vibaya inaweza kuonyesha namba ndogo kuliko ile iliyoanza tu kuchacha. Kwa daraja la kwanza namba isizidi 10, lakini isomwe pamoja na pua: namba ndogo na harufu safi ni habari njema, namba ndogo na harufu ya rangi ya mbao maana yake umepima kwa kuchelewa.

Je, siagi iliyochacha inaweza kuokolewa kwa kuipika tena au kuitia manukato?

Kuipika hufukuza sehemu ya harufu kwa siku chache, na manukato huifunika, ila peroksidi na asidi hubaki na harufu hurudi, mara nyingi ikiwa mbaya zaidi kwa sababu moto wenyewe umeongeza kasi. Viwanda vinavyosafisha vina udongo wa kupaushia, ombwe na mvuke; sufuria ya nyumbani haina hata kimoja.

Yenye asidi huru tu, bila harufu ya kuchacha, inafaa kwa sabuni, kwa kuwa soda kostiki huzigeuza asidi hizo kuwa sabuni kama inavyofanya kwa mafuta mengine. Iliyochacha kwa hewa haifai hata huko, kwani mche wa sabuni hupata madoa ya rangi ya chungwa na kunuka baada ya miezi michache.

Je, vitamini E inazuia kuchacha?

Inachelewesha njia ya pili tu, ile ya oksijeni, na inafanya kazi ikiongezwa siagi ikiwa bado mpya. Gramu moja kwa kilo moja ya siagi inatosha. Kuimwaga kwa wingi hakuongezi kinga, na ikizidi sana inaweza kuharakisha kile ulichotaka kukizuia. Haifanyi lolote dhidi ya maji, wala haiui bakteria au ukungu. Anayetengeneza krimu yenye maji anahitaji kihifadhi halisi, na jambo hilo halibadilishwi na wingi wa vitamini E iliyoandikwa kwenye lebo.

Nikichanganya shea na mafuta ya alizeti ya hapa kwetu, muda wake unabadilika?

Unabadilika sana. Alizeti ya kawaida inayokamuliwa Dodoma na Singida ina asidi ya linoleiki kwa wingi, na linoleiki hushambuliwa na oksijeni takribani mara kumi zaidi ya oleiki, ambayo ndiyo kuu katika sehemu laini ya shea. Steariki, iliyo katika sehemu ngumu, karibu haiguswi. Mchanganyiko hufuata mwanachama wake dhaifu: shea nzuri ambayo ingekaa mwaka mmoja hadi miwili, ikitiwa theluthi moja ya alizeti, iandikiwe miezi michache. Alizeti yenyewe iwe imekamuliwa karibuni na kuchujwa vizuri, kwa kuwa ile ya mashine ndogo mara nyingi ina mashapo na unyevu, yaani vitu vilevile vilivyotusumbua kwenye ndoo ya kilo 5. Mafuta ya mbegu za ubuyu, ambayo watu wa huku wanayapenda, yapo katikati: yana linoleiki ya kutosha kudai tahadhari, ingawa si nyingi kama ya alizeti.

Vipi kuhusu siagi nyingine, kama kakao na msambu?

Siagi ya kakao, ambayo kwa upande wetu hutokana na zao linalolimwa hasa Kyela, huchacha polepole kuliko shea na huyeyuka karibu nyuzi 34. Msambu ni mti wa misitu ya milima ya mashariki, hasa Usambara na Uluguru, na mbegu zake hutoa siagi ngumu yenye steariki inayozidi nusu, ambayo husimama imara hata katika joto la Dodoma. Zote mbili zinafaa kuongezwa kwenye shea laini ili isiyeyuke dukani.

Tahadhari inahitajika kwa bidhaa zinazoitwa siagi ya parachichi, ya aloe au ya ubuyu. Matunda na mimea hiyo haitoi mafuta yanayoganda yenyewe kwa joto la kawaida. Kinachouzwa ni mafuta yaliyochanganywa na mafuta ya mboga yaliyogandishwa kwa haidrojeni, au na nta. Hakuna ubaya kwa ngozi, lakini bei isiwe ya kitu ambacho hakipo.

Je, siagi iliyochacha ni hatari kwa ngozi?

Kwa wengi si sumu. Vitu vinavyotokana na mafuta yaliyooksidika vinaweza kuwasha ngozi, hasa ya uso, ya mtoto mchanga, au iliyokwisha kuwa na ukurutu, na hakuna faida ya kuvumilia mwasho huo. Siagi yenye ukungu isipakwe kabisa, na hakuna siagi ya aina yoyote inayopaswa kupakwa kwenye jeraha bichi la moto.

Niihifadhi namna gani katika hali ya hewa ya Dodoma?

Hewa yetu ni kavu, na hiyo ni nafuu kwa kuwa ukungu hauna pa kuanzia isipokuwa maji uliyoyaleta mwenyewe kwa kidole kilicholowa. Shida yetu ni joto na mwanga. Weka ndoo sakafuni, upande wa ukuta usiopigwa na jua la mchana, mbali na bati. Tumia chombo cha plastiki ya chakula au kioo cha rangi, kilichojazwa hadi karibu na kifuniko ili hewa iwe ndogo, na epuka kopo la bati lililoanza kutu au chombo cha shaba. Anayeuza rejareja agawe ndoo kubwa katika makopo madogo siku moja, kwa sababu ndoo inayofunguliwa kila siku kwa miezi minane hupokea hewa mpya kila siku. Kijiko kiwe kikavu. Hili watu husikia, kisha hukichovya kikiwa kimetoka kuoshwa.

Lebo iandikwe tarehe mbili, ya kufungashwa na ya kununuliwa kwa ndoo ya asili, maana kopo lililofungashwa Mei linaweza kuwa na siagi iliyokamuliwa mwaka uliotangulia. Anayetaka kuuza kihalali akumbuke kwamba usimamizi wa vipodozi ulihamishiwa Shirika la Viwango Tanzania mwaka 2019, na huko ndiko anakopaswa kuanzia usajili wa jengo na bidhaa.

Nimuulize nini muuzaji kabla ya kununua kwa wingi?

Muulize viini vilivunwa msimu gani, vilikaushwa kwa jua au kwa moto, na kama ana cheti cha maabara chenye asidi huru, peroksidi na maji kwa fungu hilohilo analokuuzia, siyo kwa fungu la zamani. Kisha omba kukata siagi kwa kisu chako mwenyewe hadi katikati ya ndoo. Anayekataa kisu kiingie, usinunue kwake.